Mshale Kwanza, Jina Baadaye

Vijana wangu mnaoingia kwenye kazi ya umeme jua, nina jambo moja la kuwakanya, na nitalirudia mpaka mnichoke. Msiseme kifaa kinatoa umeme kwa sababu tu kinaitwa chanzo, wala msiseme kinapokea kwa sababu tu kimewekwa upande wa watumiaji. Betri vitabuni huitwa chanzo, lakini saa sita mchana, jua likiwa kali, hiyo betri inakula kuliko taa na redio zote za nyumba. Anayepokea na anayetoa hujulikana kwa vitu viwili tu: volti ina chanya upande gani, na mkondo unakwenda wapi. Jina halimo.

Naona wengi wenu mna haraka ya namba. Mnaweka mita, mnasoma volti 13, ampea 4, mnazidisha, mnapata wati 52, mnaandika. Wati 52 za nani? Zimeingia au zimetoka? Hapo mnanyamaza, au mnakisia. Mwenye duka hakukulipa ukisie.

Basi tukae na sababu yenyewe kwanza, maana kanuni isiyo na sababu husahaulika kabla ya mtihani kuisha. Volti moja ni jouli moja ya nishati kwa kila kulombu moja ya chaji. Ampea moja ni kulombu moja kila sekunde. Ukizidisha hizo mbili unapata jouli kwa sekunde, nazo ndizo wati. Sasa fuateni chaji moja kwa macho ya akili. Inaingia kwenye taa kwa upande wa chanya, inatokea upande wa hasi. Upande wa chanya uko juu kwa nishati, upande wa hasi uko chini. Kama taa ina volti 13 kati ya miguu yake miwili, kila kulombu inayopita imeshuka jouli 13. Jouli hizo hazikupotea. Zimebaki ndani ya taa, zimekuwa mwanga na joto. Taa imepokea. Chaji ikipita kinyume, yaani ikaingia upande wa hasi na kutokea upande wa chanya, imepandishwa. Aliyeipandisha ni kile kifaa, na nishati ya kuipandisha imetoka kwake. Kifaa hicho kimetoa.

Kanuni nzima ni hiyo. Mkondo ukiingia kwa chanya, kifaa kinapokea. Mkondo ukitoka kwa chanya, kifaa kinatoa.

Shida huja pale ambapo bado hujui mkondo unakwenda upande gani, na mara nyingi hujui. Ndiyo maana wahenga wa fani hii walikubaliana utaratibu wa kuandika kabla ya kujua. Kwa kila kifaa, andika alama ya chanya na ya hasi kwenye miguu yake. Kisha chora mshale wa mkondo ukiingia kwenye mguu wa chanya. Usiulize kama kweli unaingia huko, chora tu. Halafu uwezo unaopokelewa ni p = v × i, na ishara unaiacha ijiseme yenyewe. Namba ikitoka chanya, kifaa kinapokea. Ikitoka hasi, kifaa kinatoa. Kama kwa sababu zako umechora mshale ukitoka kwenye chanya, andika p = −v × i, ili maana ya chanya ibaki ileile ya kupokea. Ni kama daftari la duka: ukishaamua safu ya kushoto ni ya vilivyoingia, huibadilishi katikati ya ukurasa kwa sababu mteja fulani ni shemeji yako.

Na mkondo wenyewe ukitoka hasi, msifute mshale. Ampea hasi si kosa. Ina maana mkondo unakwenda kinyume na mshale uliouchora, basi. Nimeona vijana wanafuta mshale, wanaugeuza, wanasahau kugeuza hesabu iliyotangulia, na mwisho wake wana mchoro mmoja wenye mapatano mawili. Mshale ukishachorwa, uheshimuni mpaka kazi iishe.

Tuchukue duka dogo la kijijini. Kuna paneli juu ya bati, kidhibiti chaji ukutani, betri moja ya volti 12 ya asidi na risasi, na matumizi: taa, redio na chaja za simu. Kwa hesabu yetu, vitu vitatu vimeshikana kwenye nyaya mbili zilezile, moja ya chanya na moja ya hasi: kidhibiti pamoja na paneli yake, betri, na matumizi. Kwa kuwa vimeshikana pamoja, volti ni moja kwa vyote. Kila kimoja nimekichorea mshale ukiingia kwenye mguu wake wa chanya, hata kidhibiti, ingawa najua mchana kitatoa. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Nataka ishara iniambie, mimi nisiiambie ishara.

Saa sita mchana, volti kati ya nyaya ni 13.2. Kidhibiti kinasukuma ampea 6 kwenda kwenye waya wa chanya. Mshale wangu unaingia, mkondo halisi unatoka, kwa hiyo naandika −6. Matumizi yanavuta ampea 2, nayo ni +2. Mikondo yote inayotoka kwenye waya wa chanya kuingia kwenye vifaa lazima ijumlike kuwa sifuri, kwa kuwa chaji hairundikani kwenye waya. Basi betri ina +4. Sasa zidisheni. Kidhibiti ni 13.2 × (−6), yaani wati −79.2. Matumizi ni wati +26.4. Betri ni wati +52.8. Betri yetu, chanzo cha vitabuni, ndiyo mlaji mkubwa wa saa hiyo.

Saa tisa alasiri wingu likatanda. Kidhibiti sasa kinatoa ampea 1.5 tu, matumizi bado ni ampea 2, volti imeshuka hadi 12.5. Betri je? Mshale wake uko palepale, ukiingia kwenye chanya. Jumla ya −1.5 na 2 na mkondo wa betri ni sifuri, kwa hiyo mkondo wa betri ni −0.5. Wati za kidhibiti ni −18.75, za matumizi ni +25, za betri ni −6.25. Betri imegeuka kuwa mtoaji, na hakuna aliyegusa waya wala kubonyeza swichi. Alama ya chanya kwenye kasha lake iko ilipokuwa. Kilichogeuka ni mkondo peke yake.

Hapo ndipo wengi wenu huteleza, kwa kuwa mnaangalia volti na kudhani inasema kila kitu. Volti 12.5 haisemi kama betri inajazwa au inakamuliwa. Inaweza kuwa yote mawili, kutegemea ilivyojaa na mkondo unaopita.

Tukifika usiku, kidhibiti ni sifuri, matumizi ampea 2, volti 12.2. Betri ina −2, wati −24.4, na matumizi yanapokea wati 24.4 hizohizo. Hapa sina la kuongeza, ila nifungue tumbo la betri kidogo, maana kuna jambo humo linalowachanganya hata walimu.

Ndani ya betri kuna vitu viwili vilivyofuatana: kemia yake, inayotengeneza volti, na ukinzani wa ndani. Tuseme ukinzani huo ni omu 0.1. Saa sita mchana ampea 4 zinaingia, ukinzani unachukua volti 0.4, kwa hiyo kati ya zile 13.2 kemia inabaki na volti 12.8. Wati 51.2 zinakwenda kwenye kemia, na wati 1.6 zinakuwa joto. Usiku ampea 2 zinatoka. Ukinzani unachukua volti 0.2, maana yake kemia ilikuwa na volti 12.4 ili nje zionekane 12.2. Kemia imetoa wati 24.8, nje zimefika 24.4, na wati 0.4 zimekuwa joto humohumo ndani. Tazameni huo ukinzani vizuri. Mchana ulipokea, usiku pia ulipokea. Mkondo ulipogeuka, na volti yake iligeuka pamoja nao, hasi mara hasi ikawa chanya. Ukinzani hautoi kamwe. Shikeni hilo, litatufaa muda si mrefu.

Sasa niwape kisa cha mafundi. Kuna duka ambalo mwenyewe aliongeza friji ndogo ya vinywaji bila kuongeza paneli. Baada ya wiki chache taa zikawa zinazima mapema usiku. Fundi kijana akaitwa, akaja mchana, akafunga klampu mita kwenye waya wa betri, akasoma 3.0. Akamwambia mwenye duka kuwa betri inapokea ampea 3 vizuri tu, ila imechoka haitunzi. Mzee wa watu akanunua betri mpya. Usiku wa pili, taa zikazima vilevile.

Klampu mita ya mkondo mnyoofu ina mshale uliochongwa kwenye taya zake. Ikisoma namba isiyo na alama ya hasi, mkondo unakwenda upande ulikoelekea mshale. Kijana yule aliifunga mshale ukiwa umeipa betri kisogo, unaelekea nje. Zile ampea 3 zilikuwa zinatoka. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, saa sita kamili, betri ilikuwa inapoteza ampea-saa 18, wakati yeye anahesabu kuwa imepata 18. Kati ya alichodhani na kilichokuwepo pana pengo la ampea-saa 36, zaidi ya theluthi ya betri ile ya ampea-saa 100. Betri ya kwanza huenda haikuwa na ugonjwa wowote.

Na kosa hilo lingenaswa palepale dukani kwa kalamu na kipande cha karatasi. Namba zenyewe zilikuwa hivi: volti 12.1, kidhibiti kinatoa ampea 4, friji na matumizi mengine yanavuta ampea 7. Kwa mshale wetu, kidhibiti ni wati −48.4, matumizi ni wati +84.7. Kijana aliandika betri kuwa +36.3. Jumlisheni: mnapata wati 72.6. Haiwezekani. Ndani ya saketi iliyofungwa, jumla ya uwezo unaopokelewa na vifaa vyote ni sifuri, kwa kuwa kila wati inayopokelewa na mmoja imetolewa na mwingine. Jumla isipokuwa sifuri, kuna ishara imegeuzwa, au kuna kipimo kimekosewa, au kuna kifaa kimesahaulika.

Nawapa na hila ya kumtafuta mhalifu. Ukigeuza ishara ya kifaa kimoja, jumla hukosea kwa mara mbili ya uwezo wa kifaa hicho, kwa sababu umekitoa upande mmoja ukakiweka upande wa pili. Basi gawanya jumla yako kwa mbili. Nusu ya 72.6 ni 36.3, na 36.3 ni betri. Umemwona. Namba za mita uwanjani hazitoki safi hivi. Nyaya nazo hula kidogo, na mita ina kasoro yake, kwa hiyo wati moja au mbili zikibaki msihangaike. Zikibaki 70, msitoke dukani.

Lakini kipimo cha sifuri kina mwanya wake, na mwanya huo ndio niliotaka mjue kuliko yote. Kama mmegeuza ishara zote kwa pamoja, jumla bado itakuwa sifuri. Kidhibiti kitasoma +48.4, matumizi −84.7, betri +36.3, na karatasi itaonekana safi kabisa. Kumbe mmesema friji na taa zinalisha paneli! Dawa yake ni ule ukinzani niliowaambia muushike. Tafuteni kwenye saketi kitu ambacho hakiwezi kutoa: balbu, pasi, waya, ukinzani wowote. Kikitoka hasi, mapatano yenu yote yamepinduka, hata kama jumla ni sifuri. Kwa hiyo ukaguzi ni wa hatua mbili, jumla iwe sifuri na ukinzani uwe chanya. Hatua moja peke yake haitoshi.

Nirudi kwenye ile klampu, maana mkononi ndiko makosa yanakozaliwa. Mkiifunga kwenye waya wa chanya wa betri, mshale uelekee betri. Chanya itakuwa kuchaji. Mkilazimika kuifunga kwenye waya wa hasi, mshale uipe betri kisogo, kwa kuwa mkondo unaoingia kwa chanya hutokea kwa hasi. Msifunge nyaya zote mbili pamoja, mtasoma sifuri hata kama ampea 20 zinapita. Na kabla ya kufunga, bonyezeni kitufe cha kurudisha sifuri, taya zikiwa tupu na zimefungwa, karibu na mahali mtakapopimia. Klampu za aina hii husoma uga wa sumaku, na hubaki na masalio. Kwenye zile ampea 7 za friji na matumizi mengine, masalio hayo hayadhuru kitu. Kwenye ile alasiri ya wingu, ambapo jibu ni −0.5, masalio ya ampea 0.6 yanatosha kugeuza ishara na kumfanya mtoaji aonekane mpokeaji. Mkondo ukiwa mdogo, ishara ndiyo ya kwanza kuharibika.

Tena kuna klampu za bei nafuu zinazopima mkondo wa gridi tu, ule unaogeukageuka. Hizo kwenye betri hazisomi la maana.

Wanafunzi wa chuo nanyi msicheke, yenu yanakuja. Mnapoandika saketi kwenye programu za ukoo wa SPICE, chanzo cha volti 12 na ukinzani wa omu 6, mnaandika hivi:

```
Chanzo na ukinzani
V1 a 0 12
R1 a 0 6
.op
.end
```

Programu inakujibu kuwa mkondo wa V1 ni ampea −2. Kila mwaka kuna anayelalamika kuwa programu imeharibika, au anageuza miguu ya chanzo ili ampea ziwe chanya, na akifika kwenye saketi ya pili volti zake zote ziko kichwa chini. Programu haijaharibika. Imefuata mapatano yaleyale: mshale unaingia kwenye mguu wa chanya wa V1. Mkondo halisi unatoka, kwa hiyo ni −2, na 12 × (−2) ni wati −24: chanzo kinatoa. Ukinzani una +24. Jumla sifuri, ukinzani chanya.

Wengine watawaambia kwamba elektroni zinakwenda kinyume, kwa hiyo mishale yote ni ya uongo. Ni kweli elektroni ndani ya waya zinakwenda kutoka hasi kwenda chanya. Benjamin Franklin aliyagawa majina ya chanya na hasi katika miaka ya 1740, na elektroni ilikuja kutambuliwa na J. J. Thomson mwaka 1897, majina yakiwa yamekwisha kuota mizizi. Haibadilishi kitu. Chaji hasi inayopanda kutoka hasi kwenda chanya inapoteza nishati sawasawa na chaji chanya inayoshuka. Kinachoharibu kazi ni mtu anayetumia mwelekeo wa elektroni kwa kifaa kimoja na mkondo wa kawaida kwa kingine. Mimi nawashauri muziache elektroni na safari zake.

Kwenye umeme wa gridi, volti na mkondo vyote hugeukageuka, mizunguko 50 kila sekunde, na mshale wa klampu hauna la kusema. Kanuni ya p = v × i inabaki kweli kwa kila kitambo, lakini anayepokea au kutoa hujulikana kwa wastani wa mzunguko mzima, na kwa hilo mnahitaji mita inayosoma volti na mkondo kwa wakati mmoja. Na mkienda kwenye mitambo mikubwa mtakuta mapatano yamepinduliwa kwa makusudi. Kituo cha Kidatu kina uwezo wa megawati 204. Hakuna mhandisi wa huko atakayeandika −204 kila siku ilhali kazi ya mtambo ni kutoa. Wao chanya ni kinachotoka. Wana haki, mradi wameandika hivyo na wote wanajua.

Hata vifaa vya sola havikubaliani. Mita za betri nyingi huonyesha chanya wakati wa kuchaji na hasi wakati wa kutumia, lakini zipo zinazofanya kinyume, na zipo zilizofungwa kinyume na fundi. Msiamini skrini kabla ya kuijaribu. Funikeni paneli kwa turubai au zimeni swichi yake, washeni taa moja, mtazame ishara. Hapo betri haina budi kutoa, kwa hiyo ishara mnayoiona ndiyo ishara ya kutoa katika kifaa hicho. Kazi ya dakika mbili.

Kisha chukueni kalamu isiyofutika, mwandike kwenye kasha la kidhibiti, kwa herufi ambazo mwenye duka anaweza kuzisoma: CHANYA = INACHAJI, au CHANYA = INATOA ikiwa ndivyo jaribio lilivyoonyesha, na mchore mshale wa klampu kwenye waya wa chanya wa betri ukielekea betri. Fundi atakayekuja baada yenu hatawapigia simu kuuliza, na mwenye duka hatauziwa betri asiyoihitaji.